Kabla hujahesabu nukta: kupata eneo la pembenyingi kwenye karatasi ya miraba

Kanuni yenyewe ni fupi. Mwanahisabati Georg Pick aliichapisha mwaka 1899, nayo inasema hivi: kila mahali mistari ya gridi inapokatana ni nukta; hesabu nukta za ndani ya umbo (N), hesabu nukta zilizo mpakani (M), kisha eneo = N + M/2 − 1. Huhitaji jozi za x na y. Wanafunzi wa tuisheni hapa Moshi huishika kanuni hii haraka, ila majibu huharibika kabla hata kujumlisha hakujaanza.

Cha kwanza kutazama ni vipeo. Kila kipeo lazima kikae pale mistari ya gridi inapokatana. Kikikaa katikati ya mraba, hata kimoja tu, kanuni haikuhusu. Mpaka nao usijikate kama tarakimu 8, na umbo lisiwe na tundu. Kama kuna tundu, tafuta eneo la umbo la nje, tafuta la tundu, kisha toa.

Chukua mchoro wa kihamba kimoja, yaani shamba la familia, mteremkoni juu ya Moshi. Anzia kona ya chini kushoto. Nenda kulia miraba 6 ukipanda 2. Panda wima 3. Rudi kushoto 4 ukipanda 2. Mwisho teremka 7 ukisogea kushoto 2. Kabla ya kuendelea, hakikisha safari imefunga: kulia 6, kushoto 4 na 2; juu 2, 3 na 2, chini 7. Imefunga.

Sasa nukta za mpakani, na hapa usiyaamini macho. Kwa kila upande, chukua hatua za mlalo na za wima, utafute kigawo kikubwa cha shirika (KKS, ile ile ya shule ya msingi). Hiyo ndiyo idadi ya nukta za upande huo, ukihesabu kipeo kimoja tu kati ya viwili ili kisirudiwe upande unaofuata. Kwa 6 na 2 ni 2. Upande wa wima una 3. Kwa 4 na 2 ni 2. Kwa 2 na 7 ni 1, maana yake hakuna nukta yoyote kati ya vipeo vya upande huo. M ni 8.

Nukta za ndani zihesabu mstari kwa mstari kutoka chini, na uandike pembeni: 2, 5, 5, 4, 4, 2. N ni 22. Eneo ni 22 + 4 − 1, yaani miraba 25. Ukitaka kuhakiki, lizungushie umbo mstatili wa 6 kwa 7 wenye miraba 42, utoe pembetatu tatu za nje, 6, 4 na 7. Inabaki 25.

Upande mrefu wa kushoto ndio wenye mtego. Kwenye mstari wa tatu kutoka chini kuna nukta iliyo ndani kwa sehemu moja tu ya saba ya mraba. Kwenye mstari wa nne kuna nyingine iliyo nje kwa kiasi hicho hicho. Penseli butu huzifunika zote mbili, na mwanafunzi anaziandika za mpakani: N inakuwa 21, M inakuwa 10, na jibu, ajabu, ni 25 vilevile! Kosa moja limepunguza nusu, jingine limeongeza nusu. Anayekosea moja tu hupata 24.5 au 25.5. Kwa hiyo ninaposahihisha, natazama M kwanza kabla ya jibu la mwisho.

Ile 1 inayotolewa inasahaulika kwa sababu haielezwi. Nukta ya ndani imezungukwa na umbo pande zote, hivyo ina thamani ya mraba mzima. Ya mpakani, mpaka ukiwa umenyooka, ina nusu. Lakini kwenye vipeo mpaka unapinda, na ukiuzunguka wote umegeuka nyuzi 360 kamili. Mgeuko huo unakula mraba mmoja. Tarakimu 8 haigeuki hivyo, ndiyo maana tumeikataa mwanzoni.

Kipimo kiandike kabla. Kama upande wa mraba ni mita 10, kila mraba ni mita za mraba 100, si 10, na kihamba chetu ni 2,500, robo ya hekta. Hapo tumechukulia kwamba kona za shamba zimeangukia kwenye makutano ya mistari. Kona halisi hazifanyi hivyo. Kona ya juu kulia, ile upande wa wima unapoishia, ukiisogeza kulia nusu mraba tu, yaani mita 5, eneo linaongezeka kwa mita za mraba 125. Kwa mpaka wa majirani wenye ugomvi, ita mpima ardhi.