Kuweka stopu kwa ATR: mfano wa EURUSD

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu anayefanya biashara ya EURUSD kwenye MetaTrader. Alikuwa akiweka stopu, yaani oda ya kufunga biashara hasara ikifika kiwango fulani, umbali uleule kila siku, soko liwe limetulia au limechachamaa.

Hatua ya 1. Kwenye chati ya D1, ambayo kila mshumaa wake ni siku moja, weka ATR ya 14, yaani wastani wa mwendo halisi wa bei kwa siku 14, idadi aliyotumia Welles Wilder alipoitambulisha mwaka 1978. Kipimo hiki hujumuisha pia pengo la bei. Tuseme Ijumaa bei ilifunga 1.0850, kisha Jumatatu ikafungukia chini, ikacheza kati ya 1.0815 na 1.0775. Mshumaa wenyewe una urefu wa 0.0040 tu, lakini mwendo halisi tangu Ijumaa ni 0.0075, na huo ndio unaoingia kwenye wastani. Soma thamani ya mshumaa wa jana. Wa leo haujakamilika, hivyo asubuhi hushusha wastani.

Hatua ya 2. StdDev ya 20, yaani mkengeuko sanifu, iangalie ukipenda, ila usiipimie stopu. Inapima jinsi bei za kufunga zilivyotawanyika kuzunguka wastani wake, kwa hiyo soko lenye mwelekeo huipandisha bure. Bei ikipanda 0.0010 kila siku kwa siku 20, StdDev itasoma karibu 0.0058, ingawa kila siku imesogea 0.0010 tu. Kama unautaka mkengeuko sanifu, ukokotoe kwa mabadiliko ya kila siku, si kwa bei yenyewe.

Hatua ya 3. Zidisha ATR kwa 2. ATR ikiwa 0.0070 na umenunua kwa 1.0850, stopu ni 1.0710. Ukiwa na dola 2,000 na uko tayari kupoteza asilimia 1, kikomo chako ni dola 20. Loti 0.01 itapoteza dola 14, loti 0.02 itapoteza 28. Chukua 0.01.

Hatua ya 4: ukiuza. Hapa ndipo watu wengi hutolewa sokoni bila kuelewa kwa nini. Chati huchorwa kwa Bid, bei unayouzia, lakini oda ya kuuza hufungwa kwa Ask, bei unayonunulia, na tofauti ya hizo mbili ndiyo spredi. Umeuza kwa 1.0850, stopu umeweka 1.0990. Spredi ikitanuka hadi 0.0012, stopu itaguswa wakati chati inaonyesha 1.0978, na utadhani broka amekuibia. Spredi hutanuka hasa siku ya biashara inapofungwa New York, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 6 usiku, au saa 7 wakati wa majira yao ya baridi. Bonyeza F8, washa mstari wa Ask, uutazame saa hiyo kwa siku kadhaa, maana mstari huo hauonyeshi historia. Ongeza spredi ya saa hiyo, si ya mchana. Katika mfano huu stopu inakuwa 1.1002. Kisha rudia hesabu ya loti: umbali sasa ni 0.0152, loti 0.01 itapoteza dola 15.20, bado uko ndani ya kikomo.