Somo: Barua ya kumwomba mkufunzi akuongezee zamu za wodi baada ya kuugua

Kila muhula wanafunzi wa uuguzi na ukunga huniuliza swali lilelile: nimeugua katikati ya mafunzo kwa vitendo, nimwandikieje mkufunzi ili niongezewe muda? Nimeamua kuliandika jibu lote mahali pamoja, kwa kutumia barua yangu mwenyewe ya mwaka 2023. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa stashahada mwaka wa pili, nikaugua tetekuwanga nikiwa nimepangwa wodi ya wazazi.

Hatua ya 1. Toa taarifa siku ileile unayougua, kwa msimamizi wa wodi na kwa mkufunzi, kwa simu au ujumbe, kisha utunze ujumbe huo.

Hatua ya 2. Nenda ukatibiwe, upate karatasi ya mapumziko yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, sahihi na muhuri.

Hatua ya 3. Ukipona, rudi kwa daktari upate maandishi kwamba unafaa kurudi kazini. Karatasi ya mapumziko inaeleza kwa nini hukuwepo, lakini haimhakikishii mkufunzi kwamba wagonjwa watakuwa salama ukiwashika leo.

Hatua ya 4. Hesabu zamu, wala usihesabu siku. Hapa ndipo nilipokosea, na barua yangu ya kwanza ikarudishwa. Mafunzo yetu yalikuwa ya wiki 6, kuanzia Jumatatu tarehe 23 Oktoba hadi Ijumaa tarehe 1 Desemba 2023, zamu 5 kwa wiki, yaani zamu 30. Vipele vilinitoka Jumanne tarehe 7 Novemba, nikapumzishwa hadi Jumatano tarehe 15, na Alhamisi tarehe 16 nikarejea. Katika barua nikaandika kwamba nimepoteza siku 9 na kwamba naomba “kuongezewa muda wa kutosha”. Mkufunzi alipofungua daftari la mahudhurio la wodi alikuta nafasi 7 tu zisizo na sahihi yangu, kwa sababu Jumamosi na Jumapili za katikati sikuwa nimepangwa. Kwangu ilikuwa tofauti ya kuhesabu tu. Kwake yeye ilikuwa barua inayopingana na daftari, na hakuweza kuipeleka kwa mratibu ikiwa hivyo. Aidha, “muda wa kutosha” si ombi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuingiza maneno hayo katika ratiba ya wodi ambayo wanafunzi wa chuo kingine nao wanaisubiri.

Kwa hiyo, kabla hujashika kalamu, keti na daftari la mahudhurio na uandike tarehe ya kila zamu uliyoikosa. Kisha fungua kitabu chako cha ujuzi uone ni ujuzi upi hasa umepungukiwa, kwa maana zamu zinaombwa ili kuukamilisha ujuzi huo. Halafu muulize msimamizi wa wodi ni tarehe zipi wodi ina nafasi, na uhakikishe kwamba tarehe unazopendekeza haziangukii sikukuu wala mtihani. Mimi nilipendekeza tarehe 4 hadi 8 na tarehe 11 na 12 Desemba. Sikukuu ya Uhuru, tarehe 9, iliangukia Jumamosi, hivyo haikugusa hesabu yangu, na zamu 7 zikatimia.

Tahadhari mbili. Usiorodheshe ujuzi ambao umekwisha kuukamilisha, kwa kuwa unaficha ule uliopungua. Tena, ukiambatisha nakala za kurasa za kitabu chako, funika majina ya akina mama na namba zao za faili, kwani barua hiyo itapita mezani kwa watu wasiohusika na matibabu yao.

Hatua ya 5. Andika barua ya ukurasa mmoja, uipitishe kwa msimamizi wa wodi, na uiwasilishe kabla mafunzo hayajaisha, maana alama zikishapelekwa chuoni ombi huwa gumu kuliko lilivyokuwa.

Hii ndiyo barua yangu ya pili, iliyokubaliwa. Nimeondoa majina.

> Chuo cha ……, S.L.P. ……
> 17 Novemba 2023
>
> Mkufunzi wa Mafunzo kwa Vitendo,
> Idara ya Uuguzi na Ukunga.
>
> Kupitia: Msimamizi wa Wodi ya Wazazi
>
> Ndugu Mkufunzi,
>
> YAH: OMBI LA KUONGEZEWA ZAMU 7 KATIKA WODI YA WAZAZI, TAREHE 4–8 NA 11–12 DESEMBA 2023
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili ……, niliyepangwa wodi ya wazazi kuanzia tarehe 23 Oktoba hadi tarehe 1 Desemba 2023.
>
> Tarehe 7 Novemba niliugua tetekuwanga, nikatoa taarifa kwako na kwa msimamizi wa wodi siku hiyohiyo, na kwa maelekezo ya daktari sikuingia wodini hadi vipele vyote vilipokauka na kufanya magamba. Nilirejea tarehe 16 Novemba baada ya daktari kuthibitisha kwamba sina tena uwezo wa kuambukiza.
>
> Kwa sababu hiyo nilikosa zamu 7, za tarehe 7, 8, 9, 10, 13, 14 na 15 Novemba. Hadi leo nimezalisha akina mama 4 chini ya usimamizi kati ya 10 wanaotakiwa katika kitabu cha ujuzi, na nimejaza chati za uchungu 6 kati ya 15. Zamu zilizosalia hadi tarehe 1 Desemba nitazitumia kupunguza upungufu huo, ila sitarajii kuumaliza.
>
> Naomba niongezewe zamu 7 katika tarehe nilizozitaja. Msimamizi wa wodi amenieleza kwamba nafasi ipo. Iwapo tarehe hizo hazitafaa, nipo tayari kupangiwa zamu za usiku au za mwisho wa wiki.
>
> Naambatisha karatasi ya mapumziko, uthibitisho wa daktari na nakala ya mahudhurio.
>
> Wako mtiifu,
> (sahihi, jina, namba ya simu)

Mtaona kwamba ugonjwa umepewa aya moja fupi. Barua ya kwanza ilieleza homa, mwasho na usiku niliokosa usingizi, na yote yalikuwa kweli, lakini hayakumsaidia mkufunzi kuamua lolote.

Maswali ya wanachama

Mkunga Mtarajiwa: Dada, shikamoo. Naomba unitumie barua hiyo ikiwa tayari, mimi nijaze jina langu tu.

Mwandishi: Marahaba. Barua iko hapo juu. Huwezi kujaza jina tu, kwa sababu tarehe, zamu na ujuzi ulio ndani yake ni vyangu. Rudia Hatua ya 4.

Mwanachuo wa Nyanda: Je, ni lazima nitaje ugonjwa? Wangu ni wa aibu kidogo na sipendi ujulikane wodini.

Mwandishi: Si lazima, na umefanya vema kuuliza. Andika “niliugua na kupumzishwa na daktari”, na karatasi ya mapumziko iseme yaliyosalia. Karatasi hiyo mkabidhi mkufunzi mkononi ndani ya bahasha iliyofungwa, usiipitishe wodini pamoja na barua. Mimi nilitaja tetekuwanga kwa sababu ilihusu usalama wa wagonjwa: mtu huanza kuiambukiza siku 1 au 2 kabla vipele havijatoka, nami Jumatatu tarehe 6 nilikuwa leba. Ilibidi msimamizi ajue, ili akina mama niliowahudumia waulizwe kama wamewahi kuiugua na wale ambao hawajawahi wafuatiliwe.

Zamu ya Usiku: Dada, sista wa wodi ni mtu wangu na amekubali kunisainia zile siku nilizokosa. Kuna haja ya barua kweli?

Mwandishi: Ipo. Ukisainiwa kwa siku ambayo ulikuwa umelala nyumbani, hiyo ni kumbukumbu ya uongo, na karatasi yako ya mapumziko ndiyo itakayoithibitisha. Utamponza na huyo sista.

Zamu ya Usiku: Nimeuliza tu, usinikasirikie.

Mwandishi: Sijakukasirikia. Jibu langu ni lilelile.

Mdadisi wa Mwaka wa Kwanza: Mimi nimevutiwa na hilo la magamba. Kwa nini daktari asiseme tu “pumzika siku 7” ili hesabu iwe rahisi?

Mwandishi: Swali zuri. Vipele vya tetekuwanga havitoki vyote kwa pamoja. Ukimtazama mgonjwa utaona vingine ni vyekundu tu, vingine vina maji na vingine vimekauka, vyote kwa wakati mmoja, na maji yaliyo ndani ya vile vibichi yana virusi. Mtu mmoja hukauka vyote baada ya siku 5, mwingine huchukua siku 10, kwa hiyo kinachoamua ni kipele cha mwisho. Katika wodi ya wazazi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mtoto ambaye mama yake anatokwa na vipele kuanzia siku 5 kabla ya kujifungua hadi siku 2 baada yake anaweza kuugua vibaya sana, maana mama hajapata nafasi ya kumpatia kinga yake. Tena, aliyeambukizwa huchukua siku 10 hadi 21 kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo msimamizi wangu aliwafuatilia akina mama wale kwa wiki 3 nzima, hata waliokwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Mdadisi wa Mwaka wa Kwanza: Ahsante sana, dada. Je, na mwanafunzi aliyewahi kuiugua utotoni?

Mwandishi: Kwa kawaida ana kinga. Ndiyo maana mwenzangu aliyeiugua utotoni ndiye aliyepangwa kushika nafasi yangu.

Mama wa Mapacha: Mimi nilikuwa zamu za usiku. Zamu inayoanza Jumanne jioni na kuisha Jumatano asubuhi naihesabu mara ngapi?

Mwandishi: Mara moja. Iandike kwa tarehe ambayo daftari la wodi limeiandika, ambayo mara nyingi ni ile ya kuanza.

Msomaji wa Pwani: Chuo chetu barua zote ni kwa Kiingereza. Muundo utafaa?

Mwandishi: Utafaa. Badilisha lugha, usibadilishe mpangilio: ombi na tarehe kwenye kichwa, kisha sababu, upungufu, na pendekezo.

Muuguzi Mstaafu: Ongezea hili, mwanangu. Wachapishe nakala 2, na ofisi inayopokea igonge muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kwenye nakala inayobaki kwa mwanafunzi. Nimeona barua ngapi zikipotea mezani na mwanafunzi akaambiwa hakuwahi kuandika.

Mwandishi: Ahsante, mama, hilo nililisahau. Nami nilipiga picha kila ukurasa wa kitabu cha ujuzi uliokwisha kusainiwa, huku nimefunika majina. Picha hizo ndizo nilizotumia kuhesabu upungufu wangu nikiwa bado kitandani, kwa sababu kitabu chenyewe kilikuwa kimebaki wodini.

Mkunga Mtarajiwa: Dada, nimerudia Hatua ya 4. Nilidhani nimekosa zamu 6, kumbe ni 4, na zote za leba. Niombe 4 au 6?

Mwandishi: Omba 4, uzitaje tarehe zake moja moja. Ukimaliza kuandika, niwekee hapa aya ya upungufu niisome kabla hujampelekea mkufunzi.