Kabla hujalipa bili ya hospitali, hesabu dozi

Mgonjwa akisharuhusiwa kila mtu anataka kuondoka, na bili hulipwa bila kusomwa. Kwa hiyo omba mchanganuo siku moja kabla. Karatasi yenye jumla ya dawa, maabara na kitanda haikusaidii, maana kosa hujificha ndani ya jumla. Unahitaji kila mstari uonyeshe tarehe, jina la dawa au huduma, idadi na bei ya kimoja.

Mimi huanza na dawa. Mara nyingi bili hufuata kilichotoka famasi, lakini karatasi ya dawa ya wodini, ile anayotia saini muuguzi kila anapotoa dozi, ndiyo inayoonyesha kilichomfikia mgonjwa. Daktari akibadili dawa katikati, vichupa hubaki, na visiporudishwa famasi na kufutwa kwenye bili, utavilipia.

Tuseme mgonjwa ameandikiwa seftriaksoni gramu 1 asubuhi na jioni. Alilazwa Jumatatu jioni, akatoka Alhamisi baada ya sindano ya asubuhi. Jumatatu alichomwa 1, Jumanne 2, Jumatano 2, Alhamisi 1, jumla 6. Bili inasema vichupa 8. Kabla hujauliza, angalia kipimo: dozi ingekuwa gramu 2 na kichupa ni cha gramu 1, basi kila sindano ingekula vichupa viwili. Hapa sivyo, kwa hiyo vichupa viwili vinahitaji maelezo.

Mgonjwa huyo alilala usiku 3. Akiandikiwa siku 4 za kitanda, uliza wanahesabuje, kwa sababu kuna wanaohesabu usiku na kuna wanaohesabu hata siku ya kutoka.

Kwa maabara, usikimbilie kusema kipimo kimerudiwa. Sukari hupimwa mara kadhaa kwa siku. Omba majibu yenyewe, uangalie saa ya kila sampuli: majibu mawili ya saa tofauti ni vipimo viwili, ila jibu moja lenye malipo mawili ni la kuulizia. Kuna rudufu ngumu zaidi kuiona, pale kipimo cha pamoja cha chumvi za damu kinapotozwa, kisha sodiamu na potasiamu za sampuli ileile zikatozwa tena pembeni.

Ukifika dirishani, taja mstari, usimtuhumu mtu: "Dada, hapa naona vichupa 8, na karatasi ya wodini ina saini 6. Naomba tuziangalie pamoja." Swali la namna hiyo hujibika kwa kufungua faili.

Wakikubali kosa, usiridhike na mstari uliokatwa kwa kalamu. Subiri bili mpya ichapishwe ikiwa na jumla mpya, ndipo ulipe. Kama kuna bima, hakikisha hiyo mpya ndiyo inayotumwa huko, kwa sababu alama ya kalamu haibadilishi kilichomo kwenye kompyuta.