Somo: Kabla hujagusa kalkuleta, andika vitu vitatu vya y = a × b^n

Habari zenu wakuu. Haya maswali ya maneno ya kitu kinachokua au kushuka kwa asilimia yanatoa watu jasho, na mara nyingi hesabu yenyewe sio ngumu, ila mtu akiona namba tatu kwenye swali anazitumbukiza kwenye fomula hivyohivyo alivyozikuta. Leo tunaandika mistari mitatu kwanza, afu ndo tukokotoe.

```
y = a × b^n
```

a ni thamani ya kuanzia. b ni kizidishi, yani kila hatua moja ikipita unazidisha kwa ngapi. n ni idadi ya hatua zilizopita. Nimesema hatua, sijasema saa wala mwaka, na hapo ndo penye mtego.

Swali: Maziwa yana bakteria 500 kwa mililita. Idadi yao inakuwa mara mbili kila dakika 20. Baada ya saa 3 watakuwa wangapi kwa mililita?

Mstari wa kwanza, kuanzia: 500. Wa pili, kizidishi: 2. Wa tatu, hatua moja ni dakika 20. Sasa ndo unauliza, kwenye saa 3 kuna dakika 20 ngapi? Dakika 180 gawa kwa 20, unapata 9. Kwa hiyo:

```
y = 500 × 2^9 = 256,000
```

Anayeruka mstari wa tatu anaweka n = 3 anapata 4,000, na hiyo ni idadi ya saa moja tu. Utajishtukia ukijiuliza kwa maneno: saa ya kwanza peke yake wameshafika 1,000, 2,000, 4,000, sasa saa ya tatu wabaki palepale kweli?

Fomula hii ina kikomo lakini. Ukiweka saa 24 unapata namba ya tarakimu 25, na bakteria wa idadi hiyo hawawezi kuenea kwenye mililita moja hata uwashindilie. Chakula kinaisha, maziwa yanachacha, kasi inakufa. Kwenye mtihani we fuata swali linavyosema, ila ujue kizidishi kinadumu muda fulani tu.

Cha kushuka ni hivyohivyo, ila kizidishi ni kile kinachobaki. Pikipiki ya shilingi 2,800,000 inapungua thamani asilimia 20 kila mwaka, kinachobaki ni asilimia 80, b = 0.8, hatua ni mwaka. Miaka 3:

```
y = 2,800,000 × 0.8^3 = 1,433,600
```

Ukiweka 0.2 badala ya 0.8 unapata 22,400, pikipiki nzima kwa hela hiyo nani atakuuzia?

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali: Mkuu kwa nini nisitoe tu asilimia 60 kwa miaka 3, si 20 mara 3?

Jibu: Kwa sababu mwaka wa pili hupunguzi 20 ya bei ya dukani, unapunguza 20 ya ile 2,240,000 iliyobaki. Kingekuwa kinapungua kiasi kilekile kila mwaka, mfano shilingi 300,000, hapo ni kutoa tu na wala hii fomula haihusiki. Soma vizuri kama swali linataja asilimia au kiasi.

Swali: Na wakiuliza pikipiki hiyohiyo baada ya miezi 6? Nimepiga asilimia 10 nikapata 2,520,000.

Jibu: Hatua yako bado ni mwaka, miezi 6 ni nusu hatua, n = 0.5. Inakuja kama 2,504,400. Ukikata asilimia 10 mara mbili unabakiwa na 81 kwa mwaka badala ya 80, ndo utajua 10 sio sahihi.

Swali: Limesema "imeongezeka kwa asilimia 200", kizidishi ni 2 si ndio?

Jibu: Hapana, ni 3. Ile ya mwanzo asilimia 100 ipo palepale, imeongezewa 200. Wangesema "imekuwa mara mbili" ndo 2.

Swali: Sasa kama mwanzo hawajautaja? Wanasema baada ya saa 2 walikuwa 3,200, wanakuwa mara mbili kila nusu saa, walianza wangapi.

Jibu: Andika mistari yako kama kawaida, ule wa kwanza uache a. Kizidishi 2, hatua nusu saa, kwa hiyo n = 4. Hiyo 3,200 ni y, usiiweke kwenye a kisa imetajwa kwanza. 3,200 gawa kwa 16, walianza 200.

Swali: Na wale bakteria wa 500 watafika milioni saa ngapi?

Jibu: Hapo kisichojulikana ni n. 2^n = 2,000, unaweka logi pande zote, n inakuja 10.97 hivi. Usiandike saa 10.97! Ni hatua, zidisha kwa 20, dakika kama 219, saa 3 na dakika 39.