SOMO: Taa ya geti kwa plagi janja na Alexa, na itakavyokuwa bando likiisha

Wakuu, wengi wakinunua plagi janja na spika ya Echo huamini ratiba yote inakaa kwenye spika. Bando likikata usiku, taa ya geti haiwaki. Somo hili ni la taa hiyo moja ya wati 9. Natumia plagi ya Tapo kwa mfano.

Hatua ya 1: Waifai. Plagi nyingi za aina hii hushika masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta ikiwa na 5 GHz pia, yape masafa hayo mawili majina tofauti, kisha simu iwe kwenye 2.4 wakati wa kuunganisha. Ukiona plagi inapepesa taa bila kukubali, anza kukagua hapo kabla ya kulaumu nywila.

Hatua ya 2: Jina. Ongeza plagi kwenye programu ya Tapo na uiite `Gate Light`. Alexa haielewi Kiswahili, kwa hiyo ukiiandika "Taa ya Geti" utabaki kurudia rudia mbele ya wageni.

Hatua ya 3: Ratiba iwe ndani ya plagi. Fungua `Schedule` humo humo kwenye Tapo: iwake 18:15, izime 06:30. Hizo ni saa kumi na mbili na robo jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ratiba hii plagi inaihifadhi yenyewe, kwa hiyo intaneti ikikata huku umeme upo, taa itawaka kama kawaida.

Hatua ya 4: Umeme ukirudi. Hapa ndipo penye kazi. Plagi haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika inasahau muda, na ukirudi inauliza muda mtandaoni. Tuseme umeme umekatika 17:30 taa ikiwa imezimwa, ukarudi 19:10. Saa 18:15 ilipita plagi ikiwa imekufa, na amri iliyopita haifidiwi hata kama intaneti ipo. Ukichagua irudie hali ya mwisho, itarudi imezimwa na geti litalala gizani. Kwa hiyo kwenye `Default State` chagua iwe imewashwa. Hasara yake ni kwamba umeme ukirudi saa tano asubuhi, taa itawaka mchana hadi uizime au hadi ratiba ya asubuhi inayofuata. Tangu saa tano hadi 18:15 hiyo taa haifiki hata sehemu ya kumi ya yuniti moja. Mimi naona ni bei ndogo.

Jaribu kabla ya kuamini: chomoa plagi, subiri kidogo, ichomeke tena uone inarudi vipi.

Hatua ya 5: Alexa. Kwenye programu ya Alexa washa Skill ya Tapo, ingia kwa akaunti yako ya Tapo, plagi itaonekana. Kisha nenda `Routines`, weka maneno `good night`, na vitendo: zima TV, zima taa ya sebuleni. Taa ya geti usiiweke humo, maana utaizima kila ukienda kulala.

Routine hizi huendeshwa na seva za Amazon. Bando likiisha, Alexa itakujibu kwamba imeshindwa kuunganishwa, na routine ya saa maalumu itapita tu. Intaneti ikirudi haiifanyi kwa kuchelewa. Kitufe cha kwenye plagi yenyewe bado kinafanya kazi.

MASWALI

*Mkuu, mimi natumia hotspot ya simu. Nikitoka nyumbani?*
Waifai inaondoka na wewe, kwa hiyo huwezi kuiwasha ukiwa mbali. Ratiba ya ndani itaendelea, mradi umeme usikatike. Ukikatika, plagi haina pa kuulizia saa, na hapo `Default State` ndiyo inakuokoa.

*Naweza kufunga hita ya maji ya kuogea?*
Hapana. Soma namba kwenye plagi: ya ampea 10 kwa volti 230 mwisho wake ni wati 2300. Shawa ya umeme hupita wati 4000. Ukigusa plagi ukakuta ina joto kali au unasikia harufu ya plastiki, ichomoe na usiirudishie mzigo huo. Pasi nayo usiifunge, hata kama wati zinatosha. Kifaa kinachochoma hakifai kuwashwa na mtu asiyekiona.

*Ratiba ya kwenye Alexa na ya Tapo, nikiweka zote mbili kwa usalama?*
Usifanye hivyo. Siku ukibadilisha moja ukasahau nyingine, taa itazimwa na amri usiyoikumbuka, na utatafuta tatizo kwenye plagi. Chagua sehemu moja kwa kila kifaa. Ukitaka kujua ni nani anayeizima, futa ya Alexa kwa usiku mmoja uone kama bado inazimika.

*Nitajuaje ratiba yangu iko ndani ya plagi kweli?*
Weka ratiba ya dakika tano mbele, kisha chomoa waya wa intaneti au zima data ya laini, ila ruta iache ikiwaka. Taa ikiwaka kwa wakati, iko ndani. Usizime umeme kwenye jaribio hili, la sivyo utakuwa unapima saa ya plagi, si ratiba.