Fomu ya maombi: kichwa cha kisanduku kiwe juu, si kando

Ukichapa fomu ya basari au ya kikundi, anza na jina refu, si fupi. Hapa Mombasa mtu akiitwa Mwanaisha Abdulrahman Mohamed, hizo ni herufi 27 na nafasi 2. Kila herufi na kila nafasi ukiipa kijumba cha milimita 5, jina lataka milimita 145. Karatasi ya A4 ina upana wa 210. Toa pambizo za 20 kila upande, zabaki 170. Latosha. Lakini ukiandika "Jina kamili la mwombaji" kando ya mstari, maneno hayo yala kama 50, na Mohamed anaishia pambizoni au anageuka "M." Baadaye halilingani na kitambulisho. Kwa hivyo weka maneno juu, herufi ndogo, na kisanduku chini yake kiwe na kimo cha milimita 8 hivi.

Maelezo yanayotoka kwenye kitambulisho yafuatane. Ya mzazi yawe na fungu lake, na simu yake humo humo. Usijaze kijivu ndani ya visanduku: fotokopi ya Likoni hukitoa cheusi, na biro haionekani.