Hadithi ya sokoni: chuchumaa kwanza

Ukiandikia darasa la msingi hadithi ya mtoto aliye sokoni siku ya pilikapilika, anza kwa kuchuchumaa. Kweli kabisa, chuchumaa. Mtoto wa miaka 7 haoni "umati mkubwa wa watu". Anaona magoti, pindo za nguo, vikapu vinavyomgonga begani, na uvungu wa meza ambao mtu mzima hautazami.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni sentensi moja kwa kila mlango wa fahamu: niliona, nilisikia, nilinusa, nilionja, niligusa. Hiyo ni orodha, si hadithi. Ipe kila hisi kazi ya kusukuma tukio. Tuseme mtoto amepotezana na mama yake:

"Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa mgumu. Wa mama ni laini! Niliinua macho, nikakuta uso nisioujua. 'Bei imeshuka!' muuzaji alinadi, sauti yangu ikamezwa. Utamu wa chungwa ulikuwa bado mdomoni. Tulipolinunua, kulinuka samaki. Nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikaifuata ile harufu."

Mguso umeleta tatizo, ladha imeamsha kumbukumbu, na harufu imeonyesha njia. Kuona kumetumika mara moja tu, maana kukiachiwa nafasi kunameza hisi nyingine zote. Angalia pia muuzaji: sikuandika "nilisikia", nimemwacha anadi mwenyewe.

Ladha ndiyo hukwamisha wengi. Mtoto asipopewa kitu cha kula, bado ana chumvi ya jasho au ya machozi midomoni.